Taazia ya Kiarabu na Maneno Niliyoyaacha Yalivyo

Kijana aliingia ofisini kwangu Eastleigh baada ya swala ya adhuhuri, akaiweka simu mezani kabla hajaketi. "Mwalimu, nisomee hii. Nataka kuituma kabla ya alasiri, lakini naogopa."

Anafanya kazi kwa mfanyabiashara wa hapa Nairobi anayeuza majani ya chai Sudan na Misri. Mteja wao wa miaka mingi ni mtu wa Omdurman. Vita vya Aprili 2023 vilimtoa kwao yeye, ndugu zake na wazazi wake wote wawili, wakahamia Kairo. Siku mbili kabla ya siku ile mama yao alikuwa amefariki. Kijana alimfahamu yule mama, kwani kabla ya vita alikwenda Omdurman na tajiri wake wakala kwao. Kwa hiyo hakutaka kutuma pole ya Kiingereza kama wengine ofisini. Aliandika mwenyewe, kwa Kiarabu alichosomea madrasani Majengo, Pumwani, na palipompungukia alinakili kutoka taazia aliyowahi kutumiwa mzee mmoja alipofariki. Ilikuwa hivi:

السلام عليكم ورحمة الله وبركاته
إنا الله و إنا إليه راجعون
ببالغ الحزن والأسى تلقينا خبر وفات والدتكم المغفور له بإذن الله
كانت أمكم امرأة جيد
أعضم الله أجركم و أحسن عزائكم و غفر لميتكم
تغمده الله بواسع رحمته و أسكنه فسيح جناته و ألهم أهله وذويه الصبر والسلوان

Chini yake alikuwa amebandika dua ndefu ya swala ya jeneza.

Nilisoma mara moja nikaona makosa manane au tisa. Hata hivyo sikugusa neno. Nilichukua karatasi, nikainakili taazia yote kwa kalamu, nikaanza kupiga mstari chini ya maneno ambayo si ya kijana wala si yangu. Nilijifunza kuanza hivyo kwa sababu ya taazia nyingine, niliyoiharibu miaka kumi na tatu iliyopita, mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii.

Aliyeniletea ile alikuwa mzee wa Kihadhrami, mwenye duka la vitambaa jirani na ofisi yangu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, akataka nimchapie barua ya kumpa pole mke wa rafiki yake. Alinisomea, nami nikachapa. Alipokwenda kuswali nikaipitia barua ili niinyooshe. Nilikuwa nimetoka kusoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, kwa miaka sita na kila sentensi niliipima kwa kanuni.

Alikuwa amesema وأسكنه فسيح جناته, wa-askanahu fasiha jannatihi, yaani amuweke katika upana wa mabustani yake. Mimi nilichoona ni sifa iliyotangulia jina lake, tena sifa ya kiume mbele ya jina la kike la wingi. Nikaandika جناته الفسيحة, jannatihi al-fasiha, sifa nyuma ya jina kama tulivyofundishwa, na jinsia ikalingana. Kwa sababu hiyo hiyo واسع رحمته ikawa رحمته الواسعة. Kisha nikaona أعظم الله أجركم, aadhama Allahu ajrakum, kitenzi cha wakati uliopita: "Mungu aliyafanya makubwa malipo yenu." Nikasema moyoni kwamba mzee anaomba, hasimulii, basi nikakigeuza kitenzi kiwe cha wakati ujao.

Mzee alirudi, nikampa karatasi. Aliishika karibu na uso akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alipofika kwenye jannatihi alisimama. Akarudi nyuma akasoma tena, akasimama palepale. Kisha akaiweka karatasi juu ya meza na kuniuliza kwa upole, "Binti yangu, hapa umesahihisha nini?"

Nikamweleza kanuni ya sifa na jina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulimi wangu umekwama. Wa mjane utakwama vilevile. Unataka akwame leo?"

Nilichapa upya kama alivyosema, na jioni nikaenda kwa mwalimu wangu wa nahau nikiwa na uchungu, kwa sababu niliamini bado kwamba kanuni ilikuwa upande wangu. Haikuwa. Katika فسيح جناته lile neno fasih halikukaa pale kama sifa. Limetangulizwa likawa mudhafu, limeshikanishwa na jannat kama vile "upana" unavyoshikana na "mabustani yake" tunaposema upana wa mabustani yake. Neno lililokaa mahali pa mudhafu halilazimiki kufuata jinsia ya neno linaloshikana nalo. Muundo huo huo umo katika واسع رحمته, na umo pia katika ببالغ الحزن, ufunguzi wa matangazo ya vifo katika magazeti ya Kiarabu. Kuhusu kitenzi, mwalimu aliniuliza tu, "Ukimtaja marehemu unasemaje?" Nikajibu, rahimahu Llah. "Hicho ni kitenzi cha wakati gani?" Cha wakati uliopita, nami nilikuwa nikikisema tangu utotoni kama dua, bila hata siku moja kudhani nasimulia jambo lililokwisha. Radhiya Llahu anhu ni hivyo hivyo. Nilipokigeuza kitenzi cha mzee kiwe cha wakati ujao, niliigeuza dua yake ikawa habari.

Hiki ndicho kilichoniuma zaidi: maneno niliyoyaweka hayakuwa Kiarabu kibovu. جناته الفسيحة ni Kiarabu safi kabisa. Isipokuwa si maneno yale. Na sisi tulio na Kiswahili tulipaswa kulielewa jambo hili kuliko wote. Tukisema Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi, nani atatokea na kalamu kuandika "mahali pazuri"? Hapa Nairobi ni nadra kumsikia mtu akisema chakula chema au nyumba njema. Neno "pema" limebaki kwenye maneno machache tu, na kwenye matanga ndiko linakoishi. Mfiwa hasomi sentensi ile. Anaitambua, kama unavyoutambua mlango wa nyumbani kwenu usiku. Ukibadilisha kitasa, hata kwa kitasa bora, atapapasa.

Basi nikamwambia kijana wa chai avute kiti karibu, nikamwonyesha mistari yangu. Chini ya إنا لله وإنا إليه راجعون nilipiga mistari miwili, kwa sababu hayo ni maneno ya Qur'ani, sehemu ya aya ya 156 ya Suratul Baqara. Hapo hatuna ruhusa yoyote isipokuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo msahafuni, herufi kwa herufi. Chini ya aadhama Allahu ajrakum na taghammadahu Allahu nilipiga mstari mmoja: dua za mazoea, ambazo mifupa yake haiguswi lakini zina viungo vinavyokunjika, kwa sababu lazima zimfuate aliyekufa na anayepewa pole. Palipobaki bila mstari palikuwa mahali pamoja tu, sentensi ya امرأة جيد, mwanamke mzuri. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe, na hapo kalamu yangu ilikuwa huru.

Tulianza na mistari miwili. "Nisomee," nikamwambia. Akasoma bila wasiwasi, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Sivyo ulivyoandika. Soma ulichoandika."

Aliikuza skrini kwa vidole viwili. Hakuona kitu. Na hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote katika taazia, kwa maana jicho huliruka. Alikuwa ameandika إنا الله, kwa alifu mbele ya lamu mbili. Panapotakiwa pana لله, lamu mbili na he, basi. Lamu ya kwanza ndiyo "li", yenye maana ya "wa" au "kwa", na inapoungana na jina la Mwenyezi Mungu alifu ya jina huanguka katika maandishi. Kwa hiyo lillahi huanza na lamu. Ukiirudisha ile alifu, sentensi haiwi tena "sisi ni wa Mwenyezi Mungu." Inakuwa inna Allah: "sisi ni Mwenyezi Mungu."

Kijana alishika kinywa. Nilimwambia asijilaumu sana, kwa kuwa si yeye aliyeiweka. Kibodi ya simu ndiyo inayopendekeza الله mara tu unapoanza kuandika lamu ya pili, kwa sababu ndilo neno watu wanaloandika mara nyingi, na kidole hukubali. Ndiyo maana unaona pia الحمد الله kwenye salamu za watu, mahali pa الحمد لله. Ni nadra kisahihishi cha simu kupiga mstari mwekundu hapo, kwa sababu kila neno peke yake ni sahihi. Njia ya kulikamata ni moja: tazama herufi ya kwanza baada ya إنا. Ikiwa ni mlingoti uliosimama peke yake bila kushikana na kinachofuata, una alifu ya ziada. Lamu hushikana.

Kilichofuata ni hamza, na hapo nilikwenda haraka. Aliandika وأحسن عزائكم, hamza ikiwa juu ya kiti cha ye. Neno azaa, yaani pole, likishikana na "kum" hubadilisha kiti cha hamza kulingana na kazi yake katika sentensi: عزاؤكم likiwa mtenda, عزائكم likitanguliwa na neno la kulivuta chini kama "katika" au "kwa", na عزاءكم, hamza peke yake bila kiti, likiwa mtendwa. Hapa Mungu ndiye anayeombwa aifanye njema pole yenu, pole ndiyo mtendwa, basi ni عزاءكم. Kosa hili utalikuta hata kwenye matangazo ya Waarabu wenyewe. Kulirekebisha si kuligusa neno la mazoea. Msomaji akilisoma kwa sauti, atasema azaakum, lile lile alilolisikia tangu utoto. Kipimo changu ni hicho hicho cha mzee wa Kihadhrami: masahihisho yaliyobaki kwenye karatasi bila kufika kwenye ulimi nayafanya bila kuuliza, lakini yakifika kwenye ulimi nasimama.

Hata أعضم ilikuwa ya namna hiyo, na ni kosa letu sisi hasa. Kiswahili kinaandika "dh" moja katika adhimu, ramadhani na adhana. Katika Kiarabu hizo ni herufi tatu mbalimbali: adhimu ina ظ, ramadhani ina ض, adhana ina ذ. Mtu anayeandika kwa sikio la Kiswahili atabahatisha. Mimi humwambia mwanafunzi asibahatishe, atafute jamaa ya neno. Aadhama ni ndugu wa adhimu, na al-Adhim amelisoma katika Ayatul Kursi kila usiku, basi ameshaiona ظ macho kwa macho. Vivyo hivyo وفات: alisikia "wafati walidatikum", sauti ya te ikatoka wazi, akaandika te wazi. Ni te marbuta, yaani te iliyofungwa, وفاة, na sauti ya te imetoka kwa sababu neno limeungana na linalofuata. Katika والدتكم, kwa upande mwingine, te imefunguka kwa haki, maana imeshikwa na "kum". Mawili hayo yamekaa jirani na yanachanganya.

Kisha tukafika kwenye viungo. Taazia aliyoinakili ilikuwa ya mwanamume, na katika haraka yake alimwombea mama wa watu kwa lugha ya baba. تغمده iwe تغمدها, أسكنه iwe أسكنها, أهله وذويه iwe أهلها وذويها. Hapa ulimi wa mfiwa haukwami ukibadilisha, unakwama usipobadilisha. Fikiria unasomewa mbele ya ndugu zako dua ya "amlaze" na jina lililotajwa si la mama yako.

Nilimwachia simu abadilishe mwenyewe, nikaenda kuteleka chai. Niliporudi alikuwa amebadilisha kila alichoweza, na hapo nikaona jambo ambalo nimeliona kwa wengi: mtu akishaelewa kanuni ya kike, huipeleka hata mahali isipokaribishwa. Alikuwa ameandika المغفورة لها, na alikuwa ameandika ميتتكم.

La kwanza ni kosa la nahau tu. Al-maghfuru laha maana yake "aliyesamehewa", lakini kwa Kiarabu kusamehe huko hupitia herufi "li": ni msamaha uliotolewa kwake. Anayebeba jinsia ni hiyo "kwake" iliyo mwishoni. Neno maghfur lenyewe linabaki kama lilivyo, awe mwanamume, mwanamke au umati. Kwa hiyo المغفور له kwa baba, المغفور لها kwa mama, na المغفور لهم kwa wengi. Ni tofauti na المرحومة, ambalo halina herufi ya kulibebea jinsia, nalo hupata te marbuta yake kama kawaida.

La pili lilinifanya niweke kikombe chini. Katika dua ya wa-ghafara limayyitikum, "amsamehe maiti wenu", neno mayyit hutumika kwa mwanamume na mwanamke sawa, kama "maiti" yetu isivyo na jinsia. Vitabu vya fiqhi vikizungumzia kuoshwa kwa mayyit havimaanishi wanaume pekee. Ukilitia te ya kike bila irabu, kama tunavyoandika kwenye simu, linakuwa na sura ile ile ya al-mayta, mzoga. حرمت عليكم الميتة, mmeharamishiwa nyamafu, ni mwanzo wa aya ya tatu ya Suratul Maida na kila mtoto wa madrasa anaijua. Mwanamume wa Kairo aliyemzika mama yake jana angelisoma neno hilo na kitu cha kwanza kumjia akilini kingekuwa hicho. Msomaji mwenye subira angesema, hapana, amekusudia maiti wa kike. Lakini siku ile si siku ya kumdai mtu subira ya kutafsiri.

"Basi nitajuaje kiungo kipi kinakunjika?" kijana aliuliza. Nilimjibu kwa yale niliyo nayo: vinavyokunjika ni zile herufi za mwishoni zinazomwakilisha mtu, hu na ha, ka na kum. Shina la neno ukiliona linakutaka ulitie kitu, simama kwanza uulize.

Ile dua ndefu aliyoibandika chini ilikuwa suala jingine kabisa. Ni dua iliyomo katika hadithi ya Auf bin Malik, aliyopokea Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimswalia maiti, na Auf akazihifadhi dua zile, akasema alitamani yeye ndiye angekuwa maiti yule. Allahumma ighfir lahu warhamhu, na mbele yake kuna kumwombea aoshwe kwa maji, theluji na barafu, asafishwe dhambi kama nguo nyeupe inavyosafishwa uchafu. Kisha inaendelea kumwombea nyumba bora kuliko nyumba yake, na watu bora kuliko watu wake, na وزوجا خيرا من زوجه, mwenza bora kuliko mwenza wake.

Nikamuuliza, "Baba yao yu hai?"

"Yu hai. Amekaa nao hapo hapo Kairo."

"Na nani atamsomea ujumbe huu?"

Alinyamaza. Wanazuoni wamelizungumza neno hilo kwa mwanamke: wapo waliosema haliombwi kwake, na wapo waliosema maana yake ni kuboreshewa hali ya mwenza yule yule. Mimi si mufti na sikutaka kumuingiza mzee wa watu katika mjadala huo siku ya tatu ya msiba. Kijana alipendekeza tubadilishe neno, tuweke kitu laini zaidi mahali pa zawj. Hapo nilikataa. Maneno ya hadithi hatuyarekebishi ili yatufae. Tunachoweza kufanya ni kuishia mahali ambapo pumzi inaisha yenyewe. Tungeweza kukomea kwenye nguo nyeupe, na dua ingekuwa kamili. Mwishowe tuliiacha yote, kwa sababu ni dua ambayo angeweza kumwombea mama yule kwenye swala yake bila mtu kuisoma, na kijana akasema ndivyo atakavyofanya.

Ikabaki sentensi yake. كانت أمكم امرأة جيد. Kosa la jinsia lilikuwa dogo, جيدة ingelimaliza. Tatizo lilikuwa neno lenyewe. Jayyid ni zuri la kitu chenye daraja: kazi jayyid, bei jayyid, chai jayyid. Yeye hulitumia kila siku kwenye barua za mizigo. Marehemu husifiwa kwa ukarimu, kwa wema wa dini, kwa mkono wake. Sikumpa neno. Nilimuuliza, "Huyu mama unamkumbuka kwa lipi?"

Alifikiri kidogo. Akasema siku ya kuondoka Omdurman mama alitoka jikoni na mfuko wa karkade kavu, yale maua mekundu wanayoyatengenezea kinywaji. Hakumpa yeye. Alimuuliza kama mama yake yu hai, na alipoambiwa yu hai akasema, "Basi huu ni wake." Mfuko ule ulisafiri ndani ya begi lake hadi Majengo, na mama yake aliunywa mwezi mzima wa Ramadhani.

"Na hilo hukuliandika?"

"Niliona si jambo la taazia, Mwalimu."

Tuliandika: عرفناها كريمة، ولا أنسى الكركدي الذي أهدته إلى أمي. Tulimjua mkarimu, na siisahau karkade aliyomzawadia mama yangu. Nilihakikisha ni الكركدي kama Wasudani wanavyoliandika, bila he ya mwisho wanayoitia Wamisri, kwa kuwa familia ile imo Misri lakini mama yao alikuwa wa Omdurman. Na hapa napenda kusema jambo ninaloliamini: ni kwa sababu mistari mingine yote imekaa mahali pake, pasipo neno la kumkwaza msomaji, ndipo huu mmoja unaweza kusikika. Nimeona taazia ambazo mtu amejitahidi kuandika kila sentensi upya kwa uzuri wake mwenyewe, na mfiwa hajui ashike ipi.

Jambo la mwisho lilikuwa la macho tu. Kijana aliacha nafasi baada ya kila wau: و أحسن, و أسكنها. Wau ya "na" katika Kiarabu hushikana na neno linalofuata bila nafasi. Kwenye karatasi huenda usilione kosa hilo, lakini kwenye skrini nyembamba ya simu mstari hukatika pale penye nafasi, na wau inabaki ikining'inia peke yake mwishoni mwa mstari. Tulizifuta nafasi moja moja. Ujumbe ulitoka hivi:

السلام عليكم ورحمة الله وبركاته
إنا لله وإنا إليه راجعون
ببالغ الحزن والأسى تلقينا خبر وفاة والدتكم المغفور لها بإذن الله.
عرفناها كريمة، ولا أنسى الكركدي الذي أهدته إلى أمي.
أعظم الله أجركم، وأحسن عزاءكم، وغفر لميتكم.
تغمدها الله بواسع رحمته، وأسكنها فسيح جناته، وألهم أهلها وذويها الصبر والسلوان.

Nikamwambia ausome wote kwa sauti, tangu salamu. Alisoma, nami nikafumba macho nikisikiliza kama pana mahali ulimi wake utasita. Ulisita mara moja tu, kwenye karkade, na huko hakukuwa kosa la Kiarabu.

Aliutuma hapo hapo. Aliondoka na matatu ya nambari 6 kurudi mjini, na nikadhani nimemalizana naye, lakini Ijumaa baada ya swala alipanda tena ngazi zangu, simu mkononi. Jibu lilikuwa limefika asubuhi. Mteja aliandika mistari miwili: kwamba ujumbe umesomwa mbele ya baba yao, na baba anauliza hali ya mama wa Nairobi. Mwisho akaandika جزاك الله خير.

Kijana alinionyesha neno la mwisho kwa kidole. Alikuwa amejifunza kutazama. "Mwalimu, hapa si ingekuwa خيرا, na alifu?"

"Ndiyo. Umeona vizuri."

"Basi nimwambie?"

"Hapana, baba. Mwambie mama yako hajambo, kisha mjibu آمين."

Akaandika kuhusu mama yake kwanza. Alipofika kwenye amin alibonyeza alifu na kuishikilia, akangoja herufi zote za jamaa yake zijitokeze juu ya kidole, akateleza hadi kwenye ile yenye madda.